Skripti ya rangi: namna ya kupanga rangi za filamu fupi ili mtazamaji ahisi hali inapobadilika

Skripti ya rangi ni mfululizo wa picha ndogo, moja kwa kila sini, yaani kila onyesho la filamu, zikiwa na rangi na mwanga tu bila sura za watu wala maelezo. Ukizipanga kwa mstari mmoja mezani, unaiona filamu nzima kwa jicho moja kabla hujapiga hata picha ya kwanza.

Ya kwanza niliyoichora ilikuwa na picha nzuri, kila moja ukiitazama peke yake. Filamu yenyewe haikumgusa mtu. Tulipoionyesha kwa majirani hapa Moshi, pale tulipotegemea ukumbi unyamaze watu waliendelea kutafuna karanga. Nilirudi kwenye zile picha nikagundua kwamba sini ya huzuni ilikuwa ya bluu, na nyingine mbili zilizoitangulia zilikuwa za bluu pia, kwa sababu nilizichora siku tofauti na kila siku niliona bluu inafaa. Huzuni ilipofika, macho ya watu yalikuwa yameshaizoea rangi yake. Tangu siku hiyo napanga mipaka kwanza, yaani pale sini moja inapokwisha na nyingine inapoanza, na rangi ya kila sini naiacha itokane na mipaka hiyo. Mwongozo huu unafuata njia hiyo, na mfano wake ni filamu fupi ya dakika 12 tuliyoipiga kwenye kihamba kimoja, yaani shamba la nyumbani la Wachaga, juu ya Moshi.

Kwa nini mpaka ndio wenye nguvu

Jaribu jambo moja kabla hujaendelea. Kata vipande viwili vya karatasi ya kijivu kutoka karatasi moja. Kimoja kiweke juu ya kitenge cha rangi ya chungwa, kingine juu ya kitenge cha bluu, kisha vitazame vyote kwa pamoja. Cha kwanza kitaonekana kimeingia ubluu, cha pili kitaonekana kimepata joto. Karatasi ni ileile. Mfaransa Michel Eugène Chevreul, aliyesimamia kazi ya kutia rangi nyuzi katika kiwanda cha mazulia cha Gobelins mjini Paris, alipokea malalamiko kwamba nyuzi nyeusi za kiwanda hicho zimefifia. Alipochunguza akaona rangi haina kasoro, ila nyuzi nyeusi zilikuwa zimefumwa kando ya bluu na zambarau, na majirani hao ndio walioufifisha weusi. Aliandika kitabu kizima juu ya jambo hilo mwaka 1839.

Katika filamu majirani hawakai kando kwa kando tu, wanafuatana pia. Jicho linalokaa kwenye mwanga wa manjano huanza kuuona kama mwanga wa kawaida, na ule wa kawaida ukija baadaye huonekana wa baridi. Kwa hiyo rangi unayoichora kwenye sini ya 5 itaonwa na jicho ambalo limetoka kuishi kwenye sini ya 4. Hilo ndilo jicho unalopaswa kulichorea.

Hatua ya kwanza: andika hali inageuka kutoka wapi kwenda wapi

Usiandike "huzuni" au "furaha" peke yake. Andika kinachobadilika. Filamu yetu ilikuwa na sini tisa, na karatasi yangu ya kwanza ilikuwa hivi. Sini ya 1, Aika na babu yake wanachuma kahawa alfajiri, wametulia. Sini ya 2, wako jikoni, utulivu unakuwa ukaribu. Sini ya 3, mjini, Babu anatajiwa bei ya kahawa yake kisha anavuka Soko la Mbuyuni kimyakimya, na ukaribu unavunjika. Sini ya 4, kwenye haisi wakipanda kurudi nyumbani, anajifungia moyoni. Sini ya 5, kikao cha familia usiku, hasira inatoka. Sini ya 6, asubuhi ya ukungu, mibuni inang'olewa, na hasira inageuka ganzi. Sini ya 7, Aika yuko peke yake gizani. Sini ya 8, kihamba kiko wazi na Aika anaona kilichopotea. Sini ya 9, miezi mitatu baadaye, Aika anakuta mbuni mmoja uliosahaulika kando ya mfereji.

Ukishaandika hivyo, weka alama kwenye mpaka mmoja tu ambao mtazamaji lazima autambue hata kama amesinzia kwingine kote. Kwetu ulikuwa kati ya sini ya 7 na ya 8. Kuchagua kunauma, kwa sababu mwongozaji anataka mipaka mitatu au minne iwe mikubwa. Mkatalie kwa upole. Kila mpaka ukipiga kelele, hakuna utakaosikika.

Hatua ya pili: chora kwa kijivu kabla ya rangi

Kata kadi za manila za sentimita 8 kwa 4.5, ambao ndio uwiano wa skrini ya kawaida. Chukua brashi pana ya upana wa kidole, ikuzuie kuchora nyusi na vidole. Tumia rangi nyeupe na nyeusi tu, uchanganye vijivu vyako vitano, 1 kikiwa cheusi kabisa na 5 cheupe kabisa. Kila kadi ipe dakika kumi, usizidishe.

Watu wengi hukimbilia rangi, kisha wanashangaa kwa nini sini inasomeka vibaya. Jicho hupokea mwanga na giza kabla ya kupokea wekundu au ubluu, na simu inayotazamwa juani huua rangi upesi lakini huacha mwanga na giza vikionekana kwa kiasi. Kadi za kijivu zikiwa hazisemi kitu, rangi haitaziokoa.

Kadi zangu za kwanza za filamu hii zilikuwa na kosa ambalo sikuliona. Sini ya 7 niliipa 1, na sini ya 8 nikaipa 2. Aika analia usiku, kesho yake anakiona kihamba kitupu, ni huzuni juu ya huzuni, kwa hiyo giza juu ya giza. Nilizipanga kwenye meza ya mzee aliyetuazima kihamba chake, nikimweleza tutakavyofanya. Alizitazama kwa muda, akagusa ile ya nane.

"Hapa mbona giza, mwanangu?"

"Ni huzuni, Mzee. Wameshang'oa kila kitu."

"Mringaringa ukikatwa, jua linaingia mpaka uvunguni. Mimi nilipokata wa kule chini, siku ya kwanza nilifumba macho. Hakuna giza pale."

Alikuwa anasema kweli, na alikuwa ametufundisha filamu yetu wenyewe. Kihamba cha Kilimanjaro ni mwanga uliochujwa. Juu kuna miti mirefu kama mringaringa, chini yake migomba, chini ya migomba mibuni. Mtu aliyekulia humo amekulia kwenye kivuli cha kijani. Ukiondoa miti, kinachoingia ni jua kali lisilo na pa kujificha, na kwa Aika mwanga huo ndio msiba wenyewe. Tukaandika kwenye hadithi kwamba mringaringa nao umeuzwa mbao, na sini ya 8 nikaipa 5.

Mstari wa mwisho wa vijivu ukawa huu, kuanzia sini ya 1 hadi ya 9: 3, 2, 5, 3, 2, 4, 1, 5, 3. Sasa toa hesabu ya mipaka. Kutoka 7 kwenda 8 ni kuruka hatua nne, kutoka 1 hadi 5, na hakuna mpaka mwingine unaoruka nne. Miwili inaruka tatu: kuingia mjini, na kutoka kwenye ukungu kwenda gizani. Mingine yote ni hatua moja au mbili. Hesabu hii ni ya dakika moja, nayo inakuonyesha kama mpaka wako mkuu ndio mkuu kweli. Ukikuta mpaka mwingine unaulingana, punguza huo mwingine, kwa sababu mkuu ukishafika kwenye weusi na weupe kamili huwezi kuuongeza tena.

Hatua ya tatu: rangi ikolee kiasi gani

Hapa ndipo mahali ninapopapenda kuliko pote, na ndipo watu wanapopita haraka. Kukolea kwa rangi ni jambo tofauti na rangi ipi. Kijani cha mgomba baada ya mvua kimekolea. Kijani hichohicho chini ya ukungu wa Julai kimepauka hadi kuwa majivu. Hujabadilisha rangi, umebadilisha pumzi yake.

Tulipanga filamu ianze kwa ukolevu wa wastani. Mwanzo uliokolea sana unakunyima pa kupanda. Sini ya 3, sokoni, ndipo rangi zinapofika juu kabisa: maturubai ya bluu, ndoo za plastiki, khanga zilizotundikwa, ndizi, maharage, vyote vinagombania jicho. Hali ya Babu pale ni ya mtu aliyepigwa, na mwongozaji alitaka tupaushe. Nilimwomba tufanye kinyume. Mtu aliyepata habari mbaya akipita katikati ya soko lenye shamrashamra hujiona mpweke zaidi, na mtazamaji huhisi hivyo anapomwona Babu katika koti lake la kijivu lililochuja, amezungukwa na rangi ambazo hazimhusu. Koti hilo tulilitafuta kwa mitumba pale Memorial, likafuliwa mara nne.

Baada ya soko ukolevu unashuka taratibu: kwenye haisi, kwenye kikao, hadi sini ya 6 ambayo karibu haina rangi. Kushuka huku hakuna mpaka hata mmoja unaoshtua. Mtazamaji anapoteza rangi kama Babu anavyopoteza moyo, bila kujua ni dakika ipi ilianza. Ukiangalia utaona tunatumia vitu viwili kwa kazi mbili: mwanga na giza vinaruka, ukolevu unateremka. Vyote vikiruka pamoja kila mara, filamu inakuwa kama redio inayobadilishwa stesheni.

Hatua ya nne: sasa chagua rangi, na moja uiweke akiba

Chukua kadi mpya, weka zile za kijivu mbele yako, na uchanganye rangi zenye mwanga uleule. Kila kadi iwe na rangi moja inayotawala, ya pili inayoisaidia, na ikibidi tone la tatu. Sini ya 1 kijani chenye dhahabu. Ya 2 kahawia na mwanga wa moto. Ya 3 zote, ila ile ya akiba. Ya 4 zambarau hafifu ya vumbi la magharibi. Ya 5 weupe wa balbu wenye ukijani kidogo. Ya 6 kijivu. Ya 7 bluu nzito. Ya 8 manjano iliyopauka, karibu nyeupe. Ya 9 kijani kinarudi, lakini si kile cha mwanzo. Hiki kina ubaridi wa maji ya mfereji.

Rangi ya akiba kwetu ilikuwa nyekundu ya tunda la kahawa lililoiva. Tuliamua ionekane mara tatu tu katika dakika 12: kwenye kikapu sini ya 1, kwenye tope sini ya 6, na kwenye ule mbuni uliosahaulika sini ya 9. Rangi ya akiba haina maana yake yenyewe. Inapata maana kwa sababu mtazamaji aliiona mahali pa amani, kisha akanyimwa, kisha akaiona mahali pa uharibifu. Ikirudi mara ya tatu hahitaji maneno.

Kuiweka akiba ni kazi ngumu kuliko kuichagua, kwa sababu nyekundu imejaa kila mahali. Sokoni kuna nyanya. Tulipokwenda kutazama eneo niliona mafungu ya nyanya kila upande, basi tukahamisha njia ya Babu ipite upande wa ndizi, maharage na dagaa. Ndoo nyekundu mbili tuliomba zisogezwe. Kwenye haisi, kiti kilikuwa na kitambaa chekundu, tukakifunika kwa shuka. Hata udongo wa kihamba unaelekea wekundu, na kwenye sini ya 8 jua kali lingeuamsha, kwa hiyo tulitandaza majani makavu ya migomba karibu eneo lote linaloonekana. Kazi hiyo ilichukua asubuhi nzima ya watu watatu.

Jihadhari pia na rangi ambazo watu wetu wameshazipa maana. Nilitaka Aika avae fulana ya kijani na sketi ya manjano, ziendane na kihamba. Kwa mtazamaji wa Tanzania mchanganyiko huo ni Yanga au ni chama, na hapo utakuwa umemtoa kwenye hadithi. Tukampa kitenge cha kahawia chenye maua madogo meupe.

Kuna tatizo lingine la nyekundu ambalo nusura lituponyoke. Nyekundu ya tunda lililoiva na kijani cha jani la mbuni mara nyingi vina mwanga unaolingana. Piga picha ya tawi lenye matunda kwa simu, uigeuze nyeusi na nyeupe, utaona matunda yamepotea ndani ya majani. Wapo watazamaji, wanaume hasa, ambao macho yao hayatenganishi vizuri nyekundu na kijani, na kwao sini ya 9 ingekuwa msichana anayetabasamu mbele ya kichaka. Dawa yake ni kurudi kwenye mwanga. Tulikata jani moja moja ili miale ya jua iguse matunda huku majani ya nyuma yakibaki kivulini, na Aika akalishika tawi mkononi ili tunda lipakane na kiganja. Kwenye kijivu tunda likaonekana.

Hatua ya tano: panga kadi mezani na usome mipaka

Funika kadi zote, acha mbili tu zinazofuatana. Zitazame kwa sekunde chache, sogea kwa mbili zinazofuata. Kwenye kila mpaka jiulize ni nini kimebadilika kati ya mambo matatu: mwanga, ukolevu, aina ya rangi. Mipaka midogo ibadilishe moja, na yasizidi mawili. Mpaka mkuu pekee ubadilishe yote matatu kwa nguvu.

Hapa niligundua kwamba sini ya 4 na ya 5 zilikuwa zinagombana. Zambarau ya jioni kwenda kwenye weupe wa balbu ilibadilisha aina ya rangi kwa kiasi kikubwa mno, wakati hali ya Babu haikubadilika sana. Hasira ilikuwa inapikwa tangu kwenye haisi. Nikaongeza picha moja mwishoni mwa sini ya 4: haisi imesimama, giza linaingia, na taa nyeupe ya duka la njiani inamwangukia Babu begani. Balbu ya kikao ikawa imeshabisha hodi.

Hatua ya sita: kutoka kwenye kadi hadi uwanjani

Kadi haimsaidii mpiga picha mpaka uibadilishe kuwa saa, balbu, nguo na mpangilio wa kamera.

Huku kwetu karibu na ikweta jua huchomoza karibu saa kumi na mbili na nusu asubuhi na hupanda wima. Mwanga laini wa dhahabu una maisha mafupi, nusu saa hivi, halafu kivuli kinakuwa kikali. Sini ya 1 tuliigawa asubuhi tatu badala ya kujidanganya kwamba tutaimaliza siku moja. Sini ya 8 tuliipiga saa sita mchana kamili, saa ambayo kila mpiga picha huikimbia, kwa sababu ndiyo tuliyoihitaji.

Kosa kubwa kuliko yote uwanjani ni kuiacha kamera ijipangie weupe yenyewe, yaani kuiacha kwenye `AWB`. Mpangilio huo unajaribu kuufanya mwanga wowote uonekane mweupe. Maana yake ni kwamba moto wa jikoni utapozwa na ukungu utapashwa joto, na mabadiliko uliyoyapanga mwezi mzima yanafutwa na kifaa kinachodhani kinakusaidia. Dalili yake ni rahisi kuiona: kwenye picha moja isiyokatwa, ukuta uleule unabadilika rangi mtu anapopita mbele yake. Funga namba ya joto la rangi, inayopimwa kwa kelvini, yaani K. Kwa mchana tuliweka `5600K` na hatukuigusa. Jikoni, penye balbu ya 2700K iliyosaidia mwanga wa moto, tuliweka `4000K`, ili joto libaki lakini nyuso zisiwe rangi ya chungwa. Sini ya 7 tuliipiga jioni baada ya jua kuzama, kamera ikiwa `3200K`, na bluu ikaja yenyewe. Kwenye kikao tulinunua balbu ya 6500K, namba hiyo huandikwa kwenye boksi lake, tukaining'iniza peke yake katikati ya chumba. Balbu za bei nafuu huwa na ukijani fulani unaochosha sura, na kwa sini ile tuliupokea kwa mikono miwili.

Ngozi nyeusi ina jambo lake katika haya yote. Inang'aa, na kwenye mng'ao ndipo inapobeba rangi ya mazingira. Ukitaka sini ya bluu, usimwage bluu juu ya picha nzima wakati wa kuhariri, kwa sababu ngozi itakuwa ya majivu na mtu ataonekana mgonjwa. Mpe mwigizaji taa au dirisha la ubavuni lenye rangi unayoitaka, likamate shavu na paji la uso, na mafuta kidogo usoni yatasaidia. Kwenye sini ya 7 Aika alikaa karibu na mlango ulio wazi, uso wake ukabaki wa kahawia wenye ukingo wa bluu. Hapo mtazamaji anaona usiku na anaona mtu mwenye afya aliye na huzuni.

Hatua ya saba: pima filamu iliyohaririwa dhidi ya kadi

Ukishapata mkato wa kwanza, itengeneze filamu nzima kuwa ukurasa mmoja wa picha ndogo. Programu ya bure ya `ffmpeg` inafanya hivyo kwa amri moja. Hii inachukua picha moja kila sekunde kumi, na kwa filamu ya dakika 12 zinatoka 72, safu nane kwa mistari tisa:

```
ffmpeg -i filamu.mp4 -vf "fps=1/10,scale=160:-1,tile=8x9" -frames:v 1 ubao.png
```

Kisha tengeneza wa kijivu:

```
ffmpeg -i filamu.mp4 -vf "fps=1/10,scale=160:-1,hue=s=0,tile=8x9" -frames:v 1 kijivu.png
```

Filamu yako ikiwa na urefu mwingine, gawa idadi ya sekunde kwa kumi, ubadilishe `8x9` ili picha zote zienee.

Weka kadi zako kando ya kurasa hizo mbili. Kwenye ukurasa wa kijivu, simama hatua tatu nyuma, ukaze macho. Mpaka mkuu unapaswa kuonekana kama mstari uliochorwa kwa rula. Wetu ulionekana, lakini kulikuwa na mwingine usiotakiwa: sini ya 6, ya ukungu, ilikuwa imetoka nyeupe kupita kadi yake, karibu 5 badala ya 4. Mtazamaji angeuona mwanga mkali mara mbili, na ule wa sini ya 8 usingekuwa mpya tena. Tuliishusha kwenye uhariri hadi weupe wa ukungu ukawa kijivu cha maziwa yaliyochanganywa na maji. Hilo lilikuwa badiliko kubwa kuliko yote tuliyofanya kwenye kompyuta, na halikugusa rangi hata moja.

Angalia pia urefu wa sini. Jicho linahitaji muda kuzoea hali moja kabla ya kuikosa. Sini ya 7 katika mkato wa kwanza ilikuwa na sekunde 20, na watu hawakufumba macho jua lilipoingia. Tulipoirefusha hadi sekunde 50, Aika akiwa amekaa tu mlangoni, mpaka ulifanya kazi bila sisi kuongeza mwanga.

Jaribio la mwisho lifanye na watu wasioijua hadithi. Zima sauti. Waonyeshe filamu, na uwaombe wagonge meza kila wanapohisi kitu kimegeuka. Usiwaeleze unatafuta nini. Wakigonga katikati ya sini kuliko kwenye mipaka uliyoipanga, kuna kitu chenye rangi kali kinachopita humo, mara nyingi ni nguo ya mpita njia au pikipiki. Tulipofanya hivyo sebuleni kwa dada yangu huko Rau, watu sita, wote walikigonga kihamba kilipofunguka. Mmoja aligonga tena kwenye sini ya 3, nami nikairudia picha kwa picha hadi nikaiona: nyuma ya Babu, kwa nusu sekunde, mama mmoja ameinua fungu la nyanya. Tuliikata picha hiyo mapema kidogo, kabla mkono wake haujapanda.